Deni la 2019, malipo ya 2021 na ujumbe wa 2024: muda wa ukomo unahesabiwaje?

*Swali:* Wakili, nilimkopesha rafiki yangu wa zamani wa kazini fedha kwa mkataba wa maandishi, na mkataba unasema alipaswa kurejesha zote ifikapo 31 Machi 2019. Siku hiyo ilipita bila malipo. Tarehe 12 Septemba 2021 niliingiziwa karibu theluthi moja ya deni, ila fedha zilitoka kwenye akaunti ya mdogo wake. Tarehe 2 Mei 2024 alinitumia ujumbe wa simu: "Kaka, deni lako nalitambua, nipe muda hadi mwakani nimalize kulipa." Tangu hapo tumekuwa tukizungumza kwa nia njema. Sasa wakili wake ameniandikia kwamba dai lilikufa Machi 2025 kwa sababu miaka 6 imepita. Je, ni kweli? Na mazungumzo yetu hayakusimamisha muda?

*Jibu:*

Ndugu msomaji, wakili wa rafiki yako amehesabu sawasawa muda wa kwanza, lakini ameruka mambo mawili yaliyotokea kabla muda huo haujaisha. Malipo ya Septemba 2021 yanaweza kuwa yameanzisha hesabu mpya, na ujumbe wa Mei 2024 unaweza kuwa umeianzisha tena. Nasema "yanaweza" kwa makusudi, kwa kuwa kila kimoja kina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yatakayobishaniwa mahakamani. Ama mazungumzo yenu ya nia njema, kwa mfumo wa sheria nitakaoutumia hapa, hayakusimamisha chochote, na hilo ni vema ulijue mapema kuliko kulisikia kutoka kwa hakimu.

Hukutaja nchi ambamo mkataba ulifanyika, na muda wa ukomo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nitafanya hesabu kwa kipindi cha miaka 6, ambacho ndicho hutumika kwa madai ya kawaida ya mkataba nchini Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza. Uhindi hutumia miaka 3, na Ujerumani pia miaka 3, japo kwa namna ya kuhesabu iliyo tofauti kabisa, ambayo nitaieleza baadaye kwa sababu inajibu swali lako la mazungumzo kwa njia ya kupambanua.

Jambo la kwanza ni siku ya kuanzia. Muda hauanzi siku mliposaini mkataba wala siku ulipotoa fedha, bali siku ambayo haki ya kushtaki inazaliwa, yaani siku ambayo mdaiwa amekwisha kuvunja ahadi yake na wewe ungeweza kwenda mahakamani bila kuambiwa kwamba umewahi mno. Rafiki yako alikuwa na siku nzima ya 31 Machi 2019 kulipa, hata saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Kwa hiyo mkataba ulivunjwa saa sita ya usiku huo, na haki yako ilizaliwa mwanzoni mwa 1 Aprili 2019.

Hapa pana jambo dogo lililowahi kuwagharimu watu kesi nzima. Kanuni ya jumla ni kwamba siku ambayo tukio limetokea haihesabiwi, kwa kuwa sehemu yake imekwisha kupita na sheria haipendi kuhesabu vipande vya siku. Ukigongwa na gari saa nane mchana, siku hiyo inaachwa na hesabu inaanza kesho yake. Lakini je, tukio likitokea saa sita kamili ya usiku, siku inayofuata ni siku ya tukio, inayopaswa kuachwa, au ni siku nzima ya kuhesabiwa? Mahakama ya Juu ya Uingereza ilijibu swali hilo mwaka 2021, katika shauri ambalo wadai walidai kwamba wadhamini wa amana walishindwa kuwasilisha maombi kabla ya mwisho wa siku ya 2 Juni 2011. Wadai walifungua kesi Jumatatu ya 5 Juni 2017. Kama siku ya 3 Juni 2011 ingeachwa, miaka 6 ingeishia Jumamosi ya 3 Juni 2017, na kwa kuwa ofisi ya mahakama ilikuwa imefungwa, Jumatatu ingekuwa bado ndani ya muda. Mahakama ilisema kwamba 3 Juni 2011 ilikuwa siku kamili, hakuna kipande chake kilichopotea, kwa hiyo lazima ihesabiwe. Muda uliisha Ijumaa ya 2 Juni 2017, na kesi ikaanguka kwa sababu hiyo.

Kwa mkataba wako, mantiki hiyo inafanya siku ya mwisho ya kipindi cha kwanza iwe 31 Machi 2025. Mtu anaweza kubishana kwamba ni 1 Aprili, na katika nchi ambazo mahakama zake hazijaamua jambo hili hoja hiyo ina nafasi, lakini mwanasheria mwangalifu huandika kwenye kalenda yake tarehe iliyo mbaya zaidi kwa mteja wake. Kama mkataba wako usingetaja tarehe ya kurejesha, hali ingekuwa ya hatari zaidi, kwa sababu kanuni ya zamani ya sheria za asili ya Uingereza ni kwamba mkopo unaolipwa "utakapohitajika" huanza kuhesabiwa siku ileile fedha zilipotolewa, hata kama hujawahi kuzidai. Uingereza yenyewe imelegeza kanuni hiyo kwa mikopo ya aina fulani. Usidhani kwamba nchi yako imefanya vivyo hivyo mpaka umesoma kifungu chenyewe.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu husema kwa jumla kwamba jambo fulani "limesimamisha muda", kumbe sheria inatambua athari mbili zisizofanana. Muda unaposimama, siku zilizokwisha kupita zinabaki zimepita, na kizuizi kikiondoka hesabu inaendelea palepale ilipoishia. Muda unapoanza upya, siku zote zilizopita zinafutwa, na mdai anapewa kipindi kizima tena. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mtu aliyetumia miaka 5 na nusu kisha muda ukasimama kwa mwaka mmoja anabakiwa na miezi 6 baada ya kizuizi kuondoka. Lakini ikiwa muda wake umeanza upya, ana miaka 6 mbele yake.

Yanayosimamisha muda ni machache, na orodha yake huwa imefungwa na sheria yenyewe. Kuna utoto na ugonjwa wa akili wa mdai wakati haki inapozaliwa. Kuna udanganyifu wa mdaiwa, ambapo muda hauanzi mpaka mdai augundue au angeweza kuugundua kwa uangalifu wa kawaida. Kuna pia muda uliotumika kuendesha shauri hilohilo kwa nia njema na bidii katika mahakama ambayo baadaye ilibainika kuwa haina mamlaka. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, ina vifungu vya aina hizo zote, na Sheria ya Ukomo ya Uhindi ya 1963 inafanana nayo kwa sehemu kubwa. Katika maelezo yako sioni hata kimoja kinachokuhusu, kwa hiyo siendelei navyo.

Kinachokuhusu wewe ni kuanza upya, na njia zake ni mbili: mdaiwa kukiri deni kwa maandishi, au mdaiwa kulipa sehemu ya deni. Sheria ya Tanzania inaliweka jambo hili katika kifungu cha 27, ya Kenya, Sura ya 22, katika kifungu cha 23, na ya Uingereza ya 1980 katika kifungu cha 29. Maneno yanatofautiana kidogo, lakini wazo ni moja: haki ya kudai inachukuliwa kana kwamba imezaliwa siku ya kukiri au siku ya malipo ya mwisho, wala si kabla ya hapo. Sababu yake ni ya haki kabisa. Ukomo upo ili mtu asishtakiwe kwa mambo ya zamani ambayo alikwisha kuyaona yamekufa, na ambayo ushahidi wake umepotea. Mtu ambaye jana amelipa sehemu ya deni, au ameandika kwamba analitambua, hawezi kusema kwamba alilihesabu limekufa.

Tuanze na malipo. Kama fedha za 12 Septemba 2021 zilikuwa malipo ya rafiki yako kwa deni hili, miaka 6 mipya ilianza siku hiyo. Siku yenyewe ya malipo inaachwa, kwa kuwa malipo yalifanyika katikati yake, na hesabu inaishia 12 Septemba 2027. Tarehe hiyo itakuwa Jumapili. Sheria nyingi zinaruhusu shauri lifunguliwe siku ya kwanza ambayo mahakama inafunguliwa tena, kwa hiyo Jumatatu ya 13 Septemba 2027 ingekubalika. Siwezi hata hivyo kukushauri usubiri siku hiyo, hasa pale ambapo mashauri hufunguliwa kwa mtandao, kwani mpinzani wako anaweza kudai kwamba mfumo wa mtandao haufungwi Jumapili, na hakuna faida ya kuwa wewe ndiye unayepeleka hoja hiyo mahakamani kwa mara ya kwanza.

Ili malipo yawe na nguvu hiyo, mahakama itataka kuona mambo matatu. Lazima yawe yametoka kwa mdaiwa au kwa mtu aliyemtuma. Lazima yawe ya deni hilihili na si la jambo jingine. Na lazima yawe yamelipwa kama sehemu ya kitu kikubwa zaidi, yaani katika mazingira yanayoonyesha kwamba mlipaji anatambua kuna salio. Sharti la tatu husahauliwa mara nyingi. Mtu akikutumia kiasi fulani na kuandika, "Hiki ndicho ninachodaiwa, na zaidi ya hapo sidaiwi kitu," malipo hayo hayafufui salio, kwa kuwa hayakukiri salio lolote. Hali ni hiyohiyo ikiwa fedha zilitumwa kama suluhu ya mwisho ya mgogoro. Katika kesi yako sharti hili halina shida kubwa, maana ujumbe wa 2024 unazungumzia "kumaliza kulipa," na mtu humaliza alichokwisha kuanza.

Shida yako iko kwenye sharti la kwanza. Fedha zilitoka kwenye akaunti ya mdogo wake, na wakili aliyekuandikia, kama ni mahiri, atasema kwamba yule kijana alilipa kwa hiari yake, au alikuwa na jambo lake nawe. Mgeni akimlipia mtu deni bila kutumwa, malipo hayo yanaweza kupunguza deni lakini hayaanzishi muda upya dhidi ya mdaiwa, kwa sababu si tendo lake. Kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha kwamba mdogo mtu alitumwa. Tafuta mawasiliano ya siku zile za Septemba 2021: je, rafiki yako alikuambia "mdogo wangu atakutumia"? Je, ulipopokea ulimshukuru yeye naye akajibu? Je, taarifa ya benki ina maelezo ya muamala yanayotaja mkopo au jina la kaka yake? Je, kuna wakati wowote baadaye, kwenye ujumbe au barua, ambapo rafiki yako alitaja salio lililopunguzwa kwa kiasi kilekile? Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa sababu mtu anayehesabu malipo ya mwingine kuwa yake ameyachukua kuwa yake. Naomba uchapishe taarifa ya benki sasa na kuomba iwe na muhuri wa benki, kwani benki hazihifadhi kumbukumbu za miamala milele.

Uhindi inaongeza sharti ambalo ni vyema ulifahamu kama mkataba wako unaangukia huko: malipo ya sehemu hayaanzishi muda upya mpaka yawe na kumbukumbu ya maandishi kwa mkono wa mlipaji au yenye saini yake. Fedha tupu zilizoingia kwenye akaunti hazitoshi.

Tuje kwenye ujumbe wa simu. Uzuri wake ni kwamba ulikuja 2 Mei 2024, karibu miezi 11 kabla ya kipindi cha kwanza kuisha. Kwa hiyo hata kama mahakama ingeyakataa kabisa malipo ya 2021, ujumbe unaweza kusimama peke yake. Ukikubaliwa kuwa ni kukiri deni, una miaka 6 kuanzia hapo, na siku ya mwisho ni 2 Mei 2030. Una nguzo mbili basi, na kila moja inaweza kubeba dai bila nyingine. Ningekushauri uziegemee zote mbili, kwa mpangilio huo: kwanza malipo, kisha ujumbe kama ulivyo, na ujumbe huohuo kama ushahidi kwamba malipo yalikuwa yake.

Kukiri deni kuna masharti ya umbo na masharti ya maudhui. Kwa maudhui, ujumbe wako ni mzuri kuliko mingi niliyowahi kuisoma. Maneno "deni lako nalitambua" ni kukiri kwa wazi. Si lazima yataje kiasi, mradi kiasi kinaweza kuthibitishwa kwa mkataba na taarifa ya benki. Kuomba muda hakudhoofishi kukiri. Kinyume chake, mtu haombi muda wa kulipa kitu asichodaiwa. Ungekuwa umeandikwa "tutaongea kuhusu lile suala" au "nitaangalia nyaraka zangu," nisingekuwa na matumaini nao, kwa kuwa mtu anaweza kukubali kuzungumza bila kukubali kwamba anadaiwa.

Wakili wake anaweza kusema kwamba ujumbe ulikuwa sehemu ya mazungumzo ya suluhu, na mazungumzo ya suluhu hayatolewi mahakamani kama ushahidi. Hoja hii ilifika katika Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 2006, katika shauri la taasisi ya fedha ya Bradford & Bingley dhidi ya mdaiwa wake wa mkopo wa nyumba. Barua zilizoandikwa kwa niaba ya mdaiwa zilieleza kwamba kwa wakati ule hawezi kulipa salio, na kupendekeza malipo madogo. Baraza liliamua kwamba kinga ya mazungumzo ya suluhu hulinda mabishano kuhusu kama deni lipo au ni kiasi gani. Mtu asiyebisha deni bali anaomba tu nafuu ya namna ya kulilipa hana mgogoro wa kusuluhisha, kwa hiyo maneno yake yanaweza kutumika kama kukiri. Ujumbe wako uko upande huo huo.

Kwa umbo, sheria hizi zinataka kukiri kuwe kwa maandishi, kuwe na saini ya mdaiwa au ya wakala wake, na kuelekezwe kwa mdai au wakala wake. Kukiri kwa mdomo, hata mbele ya mashahidi kumi, hakuanzishi muda upya. Ujumbe wa simu ni maandishi, na ulielekezwa kwako. Kinachobaki ni saini. Nchi nyingi sasa zina sheria zinazotambua maandishi na saini za kielektroniki, kama Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015. Lakini ujumbe ulioninukulia hauna jina mwishoni, na wakili mzuri atakamata hapo. Jibu lako litakuwa kwamba ujumbe ulitoka kwenye namba yake, ndani ya mfululizo wa mawasiliano ambao hakuna anayebisha kuwa ni wake, na kwamba lengo la saini ni kuthibitisha mwandishi. Hoja hiyo ni nzuri, ila haina uhakika ule ambao malipo yangekupa, ndiyo maana naweka malipo mbele. Usifute ujumbe huo, usibadilishe simu bila kuhamisha mawasiliano yote, na usitegemee picha ya skrini peke yake wakati simu yenyewe inaweza kuletwa.

Sasa mazungumzo. Najua yanauma, kwa kuwa ulivumilia kwa sababu ya urafiki, na inaonekana kama uvumilivu wako ndio uliogeuzwa kuwa silaha dhidi yako. Lakini katika sheria za nchi nilizotaja mwanzo, kuzungumza na mdaiwa hakusimamishi muda hata kwa siku moja. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema wazi, katika rufaa iliyohusu kampuni ya P & O International na Wadhamini wa Hifadhi za Taifa, kwamba majadiliano ya kabla ya kwenda mahakamani hayajawahi kuwa sababu ya kusimamisha muda. Vivyo hivyo barua ya madai, hata ikiwa imeandikwa na wakili na kupewa siku 14 za kujibu, haisimamishi kitu. Tendo la mdai linalohesabika ni kufungua shauri mahakamani. Mazungumzo yana thamani ya ukomo pale tu yanapozaa mojawapo ya vitu viwili nilivyoeleza, yaani maandishi ya kukiri au malipo.

Si kila nchi imechagua hivyo. Nchini Italia, barua ya kumtaka mdaiwa alipe inaweza yenyewe kuanzisha muda upya. Ujerumani wana kanuni kwamba mazungumzo kuhusu dai husimamisha muda mpaka upande mmoja ukatae kuendelea, na baada ya hapo ukomo hauwezi kutimia kabla ya miezi 3 kupita. Lakini tazama kesi yako ingekuwaje huko. Miaka 3 ya kawaida huanza mwisho wa mwaka ambao haki imezaliwa, kwa hiyo ingeanza mwisho wa 2019 na kuisha 31 Desemba 2022. Malipo ya Septemba 2021 yangeanzisha miaka 3 mipya mara moja, bila kungoja mwisho wa mwaka, na ingeishia 12 Septemba 2024. Ujumbe wa Mei 2024, ukichukuliwa kuwa kukiri, ungeanzisha mingine mpaka 2 Mei 2027. Ukichukuliwa kuwa mwanzo wa mazungumzo tu, ungesimamisha muda huku ukiwa umebakiwa na miezi minne na siku chache, na hizo zingeanza kuliwa siku mazungumzo yalipokufa. Mazungumzo mengi hayafi kwa tangazo. Mtu mmoja anaacha kujibu, na mahakama inalazimika kukadiria ni lini jibu lilipaswa kuja. Kwa hiyo hata pale sheria inapowahurumia wanaozungumza, anayebaki na uhakika ni yule mwenye maandishi yenye tarehe.

Jambo moja zaidi kuhusu wakati wa kukiri. Uingereza na Uhindi zinasema kwamba kukiri au kulipa baada ya muda kwisha hakufufui dai lililokwisha kufa. Kwa hiyo kama mdaiwa wako ataandika leo barua nzuri ya kukiri, itakusaidia tu ikiwa angalau mojawapo ya nguzo zako mbili imesimama na muda bado unakwenda. Nasema hivi kwa sababu watu hufurahia barua iliyochelewa na kuacha kutafuta ushahidi wa ile iliyowahi.

Kwa upande wa hatua, usimjibu wakili wake kwa kirefu. Mwandikie kwamba hukubaliani na hesabu yake, taja tarehe ya malipo na tarehe ya ujumbe, na uishie hapo. Kisha fungua shauri. Hakuna sababu ya kungoja 2027, kwa maana kila mwezi unaopita unapunguza kumbukumbu za mdogo wake na za benki. Hati ya madai lazima ieleze yenyewe kwa nini dai liko ndani ya muda. Katika Tanzania na nchi nyingine zenye kanuni za mwenendo wa madai za asili ya Uhindi, shauri linalofunguliwa baada ya kipindi cha kawaida kupita lazima lionyeshe kwenye hati ya madai sababu ya kutozuiwa na ukomo. Ukiacha aya hiyo na kutegemea kuieleza wakati wa ushahidi, pingamizi la awali linaweza kukumaliza kabla hujasimama kizimbani. Sheria ya Tanzania inaenda mbali zaidi: shauri lililopitwa na muda linatupwa hata kama mdaiwa hakulalamika, wakati Uingereza na Ujerumani mdaiwa asipoibua hoja hiyo mahakama haiiibui kwa niaba yake.

Aya hiyo iandikwe kwa ukweli mtupu na tarehe: kwamba deni lilikuwa lilipwe 31 Machi 2019, kwamba 12 Septemba 2021 mdaiwa, kupitia kwa mdogo wake aliyemtuma, alilipa sehemu yake, kwamba 2 Mei 2024 alikiri salio kwa maandishi aliyoyatuma kutoka kwenye namba yake, na kwamba kwa sababu ya kila kimoja cha hivyo, muda ulianza upya. Ambatisha taarifa ya benki na nakala ya mawasiliano yote, si ujumbe mmoja tu.

Na shauri likishafunguliwa, usiliondoe kwa ahadi. Rafiki yako anaweza kukuomba ulifute ili mmalize nyumbani, na huenda akawa mkweli kabisa. Lakini chini ya kanuni hizohizo za mwenendo wa madai, mdai anayeondoa shauri lake na kulirudisha baadaye huhesabiwa kana kwamba lile la kwanza halikuwahi kufunguliwa, na miezi yote liliyokaa mahakamani inakuwa imepotea. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe, yasainiwe na wote wawili, na yasajiliwe mahakamani kuwa hukumu ya maridhiano ndani ya shauri lililo wazi. Akishindwa kulipa baada ya hapo, utakuwa unakazia hukumu, na muda wake ni mwingine: Kenya, kwa mfano, inatoa miaka 12.